Zoezi la 4: Mstari Unaopita Nukta Mbili na Mstari Unaokata Katikati kwa Pembe Mraba

Kidato cha Nne, marudio ya Jumamosi. Muda: saa 1 na nusu. Usitumie kikotoo. Chora mchoro kwanza katika kila swali: ukikosea alama ya kutoa, mchoro utakuonyesha mapema.

Mfano

Nukta ni A(2, 1) na B(8, 5).

Mteremko wa AB: m = (5 − 1)/(8 − 2) = 4/6 = 2/3

Mlinganyo wa AB: y − 1 = (2/3)(x − 2). Zidisha pande zote kwa 3, kisha panga: 2x − 3y − 1 = 0. Hakiki kwa B: 16 − 15 − 1 = 0.

Sasa tunatafuta mstari k, unaokata AB katikati kwa pembe mraba.

Nukta ya katikati: ((2 + 8)/2, (1 + 5)/2) = (5, 3)

Mistari miwili inayokutana kwa pembe mraba, ikiwa hakuna uliosimama wima, ina miteremko ambayo zao lake ni −1. Kwa hiyo mteremko wa k ni −3/2. Wengi hugeuza sehemu wakasahau kubadili alama, au hubadili alama wakasahau kugeuza. Fanya yote mawili.

y − 3 = (−3/2)(x − 5), yaani 3x + 2y − 21 = 0

Kila nukta iliyo juu ya k iko umbali sawa kutoka A na B, na hapo ndipo penye faida ya mstari huu. Jaribu (7, 0): mraba wa umbali hadi A ni 25 + 1 = 26, na hadi B ni 1 + 25 = 26.

Maswali

Katika swali la 1 hadi la 3, tafuta mlinganyo wa mstari unaopita nukta hizo, kisha wa mstari unaokata kipande hicho katikati kwa pembe mraba.

1. P(1, 2) na Q(5, 10)

2. C(−3, 4) na D(5, −2)

3. E(4, −1) na F(4, 7). Angalia: utagawanya kwa nini ukitafuta mteremko?

4. Kwenye ramani ya kata, kipimo kimoja ni kilomita 1. Vijiji viwili viko (0, 2) na (6, 4), na barabara ni mhimili wa x. Kisima kitachimbwa kando ya barabara, umbali sawa kutoka kila kijiji. Kiko wapi, na ni umbali gani?

5. Ongeza G(2, 5) kwenye A na B za mfano. Tafuta kitovu cha duara linalopita nukta zote tatu. Kwa nini kitovu kimeangukia juu ya AB?

Majibu

1. y = 2x; x + 2y − 15 = 0

2. 3x + 4y − 7 = 0; 4x − 3y − 1 = 0

3. x = 4; y = 3

4. (4, 0); √20 = 2√5, karibu kilomita 4.5

5. (5, 3). Pembe iliyo G ni nyuzi 90, hivyo AB ni kipenyo cha duara.