Malalamiko ya kukatwa nauli ya safari iliyofutwa na shirika

Shangani,
Mtwara.
29 Mei 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: MAREJESHO YA SH. 396,000, NAMBA YA UHIFADHI QX7LMD

Nililipia kwa simu tiketi mbili za ndege, yangu na ya mama yangu, za kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam tarehe 6 Mei. Asubuhi ya siku hiyo, tukiwa tumeshafika uwanjani, ukaja ujumbe wenu: safari imefutwa kwa sababu za kiufundi, tutasafirishwa tarehe 8. Mama alikuwa na miadi ya kliniki Muhimbili tarehe 7. Nilikataa tarehe hiyo palepale kaunta na kuomba nauli yetu.

Jibu lenu la barua pepe la tarehe 13 linasema tiketi ni za promosheni, hazirejeshewi fedha, na kwamba mtatupa vocha ya sh. 277,200 baada ya kukata asilimia 30 kama ada ya kughairi.

Sikughairi safari. Mliifuta ninyi.

Ni kweli tiketi zimeandikwa NONREF, na kama ningeahirisha kwa hiari yangu nisingedai hata shilingi. Lakini masharti ya nauli mliyonitumia pamoja na tiketi, kifungu cha 16(c), yanasema: "Ada ya kughairi itatozwa pale abiria anapoghairi kwa hiari yake. Endapo safari itafutwa na shirika, abiria asiyekubali tarehe mbadala atarejeshewa nauli yote ya sehemu ambayo haijatumika, bila makato, kwa njia aliyolipia, ndani ya siku 14 za kazi." Kifungu hakibagui nauli ya promosheni na nauli ya kawaida, wala hakitaji vocha. Aliyenijibu amesoma sentensi ya kwanza akaishia hapo. Siku 14 za kazi tangu nilipodai zilikwisha tarehe 26 Mei.

Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua; ndiyo maana nilikata tiketi ya ndege. Ilibidi tupande basi, akakaa kitini kutwa nzima, Lindi, Nangurukuru, hadi kuvuka Daraja la Mkapa, na kesho yake akaingia kliniki miguu imevimba. Nauli ya basi siwadai, maana masharti yenu hayaitaji. (Kijana wa kaunta alituhudumia kwa heshima, lawama hizi si zake.)

Ninachodai ni sh. 396,000 kamili, zirudi kwenye namba ya simu iliyolipia, kabla ya tarehe 12 Juni 2025. Vocha siipokei. Zisipolipwa, nitawasilisha shauri hili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga.

Nimeambatisha tiketi zote mbili, risiti ya malipo, ujumbe wa kufutwa kwa safari, barua pepe yenu na ukurasa wenye kifungu cha 16.

Wenu,
Zainabu S. Nampota