NAFASI 1 YA KAZI: MRATIBU WA KAZI ZA MAFUNDI (tangazo jipya, lile la mwanzo limefutwa)

Habari zenu. Tunatafuta mtu mmoja wa kukaa ofisini na kupanga kazi za mafundi wetu wa friji na viyoyozi. Kampuni ni ndogo, tuko watu 9: mafundi 6, mhasibu, mtu wa stoo, na bosi mwenyewe ambaye siku nyingi utamkuta naye yuko juu ya ngazi na spana mkononi. Wa 10 ndo tunamtafuta.

Kama uliona tangazo letu la "Afisa Huduma kwa Wateja" linazunguka, lile lenye digrii, uzoefu wa miaka 5, umri usiozidi 30, mwonekano nadhifu na "awe tayari kufanya kazi chini ya presha", lipuuze. Lilituletea watu wengi wa mauzo na masoko, tena wengine wazuri kweli, ila kazi hii haina hata kitu kimoja cha kuuza. Soma hili kama vile lile halikuwepo.

KAZI YENYEWE IKOJE

Simu inaita, unapokea, unauliza mashine ni ya aina gani, iko wapi, imeanza lini na inafanya nini hasa. Unaandika kadi ya kazi. Unaangalia fundi gani yuko karibu na nani ana kifaa kinachotakiwa, unampangia, unamwambia mteja saa ya kufika, na ukiona fundi anachelewa unampigia mteja wewe kabla hajakupigia yeye. Kazi ikiisha unahakikisha kadi imesainiwa na imefika kwa mhasibu ili ankara itoke siku hiyo hiyo. Jioni unapanga ratiba ya kesho na kumpa mtu wa stoo orodha ya vifaa vya kutoa asubuhi.

Maswali unayomuuliza mteja ndo kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu anapiga anasema kiyoyozi kinadondosha maji ndani, ukiishia kuandika "kiyoyozi kibovu" fundi anatoka hajui abebe nini, lakini ukiuliza filta imesafishwa lini na kama maji bado yanatoka kule nje kwenye bomba lake, anaenda akijua pengine bomba limeziba tu. Au mwingine amehama jana, friji ilibebwa imelazwa, anataka kuiwasha sasa hivi, huyo unamwambia aisimamishe wima na asubiri kwanza mafuta yarudi kwenye kompresa. Hivi vitu tutakufundisha, mafundi wetu wanapenda kueleza (wakati mwingine hadi unatafuta pa kutokea). Cha kuja nacho wewe ni tabia ya kuuliza swali la pili.

Na ile presha ya tangazo la mwanzo, bora tuiseme ilivyo. Msimu wa joto simu haziachi, wateja wanne wanataka fundi saa hiyo hiyo na mafundi wote wako kazini, wengine wanafoka, na wewe ndo unapokea maneno yote wakati mashine hujaishika. Kuna siku utakula saa 10. Miezi ya baridi inatulia, tunaitumia kufuatilia madeni na kuwakumbusha wateja sevisi. Kama kelele za simu zinakuchosha haraka, hii kazi utaichukia, ni vizuri ujue kuanzia sasa.

LAZIMA UWE NA HAYA

Uwe na miaka 18 au zaidi na uwe unaruhusiwa kisheria kufanya kazi. Uwe umefanya angalau mwaka 1 kazi yoyote ya kuhudumia watu kwa simu au ana kwa ana: mapokezi, duka, stoo, ofisi ya mizigo, popote ambapo mtu amewahi kukukasirikia na ukabidi umalizane naye. Uwe unaandika Kiswahili kinachoeleweka na unasoma Kiingereza cha kutosha kunakili namba na maelezo ya kibandiko cha mashine bila kukosea, maana herufi moja ikikosewa inaagizwa kompresa isiyo yake. Na uwe unatumia Eksel kwa kazi za kawaida, yaani kuingiza data, kupanga kwa tarehe na kuchuja kazi ambazo hazijalipwa. Fomula ngumu hatuhitaji.

Basi, ni hayo manne. Ukikosa moja usiombe safari hii, ukiwa nayo yote omba hata kama hujawahi kugusa friji zaidi ya kuifungua.

Ukiwa unajua majina ya vifaa vya friji au umeshawahi kupanga safari za madereva itakusaidia, ila haimwondoi asiyejua.

HATUHITAJI

Digrii, leseni ya udereva, picha yako, dini yako, kama umeoa au umeolewa. Usiviandike. Umri hauna mwisho. Vyeti tutaviona baadaye kwa atakayefika hatua ya mwisho. Na hakuna pesa yoyote ya fomu, mafunzo wala "ya kushughulikia", mtu akikuomba ujue hajatumwa na sisi.

MALIPO NA MUDA

Mshahara ni mara 2 ya kima cha chini cha kisheria cha sekta yetu, kabla ya makato, na hatupandishi wala kushusha kulingana na ulikuwa unalipwa ngapi huko ulikotoka, kwa hiyo hatutauliza. Michango ya hifadhi ya jamii inalipwa kuanzia mwezi wa kwanza. Saa za kazi ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi moja ndani, moja nje, hadi saa 7 mchana. Ukizidisha muda unalipwa ovataimu. Miezi 3 ya mwanzo ni ya majaribio kwa mshahara ule ule, baada ya hapo mkataba wa mwaka 1 unaoweza kuongezwa. Kazi ni ya ofisini, haiwezekani kufanyia nyumbani.

JINSI YA KUOMBA

Tuma sivii isiyozidi kurasa 2 kwa namba hii hii ya wasapi. Barua ya maombi usihangaike nayo, badala yake jibu haya matatu, mistari michache inatosha, kwa maandishi sio vois:

1. Ni kazi gani uliwahi kuhudumia watu, na kwa siku ya kawaida ulikuwa unafanya nini?

2. Saa 3 asubuhi chumba cha baridi cha mteja mwenye dawa kimezima. Mafundi wawili wa karibu, mmoja anafunga kiyoyozi kipya, mwingine yuko njiani kwa mteja aliyeahidiwa tangu jana. Unamtoa nani, na unamwambia nini yule atakayesubiri?

3. Unaweza kuanza lini?

Swali la 2 halina jibu moja, tunataka kuona unavyofikiri. Mwisho ni Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa 12 jioni. Tafadhali usipige, namba ndo hiyo hiyo ya wateja.

Tutaita watu 5 waje nusu siku, wakae na simu pembeni ya mhasibu, na hiyo nusu siku inalipwa upate kazi usipate. Wote mtajibiwa ndani ya wiki 2 baada ya tarehe ya mwisho, hata kama jibu ni hapana.

Mliotuma kwenye tangazo la mwanzo, sivii zenu bado tunazo, tumeni majibu ya maswali tu na mwandike jina lile lile mlilotumia.