Masahihisho ya slaidi ya 4, kikundi cha omena cha Dunga

Katibu, habari ya jioni.

Picha ya slaidi imenifikia. Siwezi kugusa maandishi yaliyo ndani ya picha, kwa hivyo nimeyaandika makosa hapa kutoka juu kwenda chini. Fungua faili yako urekebishe huku unasoma. Anza na ya namba. Wageni wa kaunti watatusamehe herufi iliyoruka, lakini jumla isiyojumlika hawataisamehe.

Chini ya kichwa umeandika "Aprili 1 – Juni 31, 2024".
Iwe: "Aprili 1 – Juni 30, 2024". Juni haina tarehe 31. Mstari unaofuata unasema "kwa muda wa miezi nne". Hapo kuna makosa mawili: ni "miezi minne", na tena Aprili hadi Juni si minne. Andika "miezi mitatu".

"Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilo mraba 68,800, na limegawanyika hivi: Tanzania asili mia 51, Uganda 45%, Kenya 6."
Iwe: "Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na limegawanyika hivi: Tanzania asilimia 49, Uganda asilimia 45, Kenya asilimia 6."
Huu ndio mstari ulionichelewesha. Jumlisha 51, 45 na 6: unapata 102, yaani ziwa limezidi maji yake. Nadhani najua ilivyotokea. Kuna wanaotaja 49, 45 na 6, na kuna wanaotaja 51, 43 na 6; zote mbili zinafika 100. Wewe umechukua Tanzania ya huku na Uganda ya kule. Nimechagua ya kwanza, lakini ukipenda ya pili ichukue nzima. Sisi tunabaki na 6 vyovyote vile. "Asilimia" ni neno moja, na ukianza nalo usirukie alama ya % katikati ya sentensi. Jina la ziwa umeliandika "Victoria" juu na "Viktoria" chini. Nimeshika la chini.

"Kaunti nne zinazopakana na ziwa ni Busia, Siaya, Kisumu, Homabay na Migori."
Iwe: "Kaunti tano ... Homa Bay ..." Zihesabu mwenyewe.

"Kikundi chetu wako na wanachama 32 (wanawake 19, wanaume 14)."
Iwe: "Kikundi chetu kina wanachama 33 (wanawake 19, wanaume 14)." Hata mimi nikiwa soko la Jubilee nasema "tuko na", ila kwenye slaidi tuandike "kina". Hiyo 33 nimeipata kwa kujumlisha tu. Angalia daftari la wanachama: huenda 32 ndiyo sahihi na mwanamume mmoja amehesabiwa mara mbili.

Jedwali: Aprili kilo 120, Mei kilo 95, Juni kilo 140, "Jumla 345".
Iwe: "Jumla 355". Kosa hilo limeteremka hadi kwenye mapato: "Ksh.69,000/=" iwe "KSh 71,000", kwa bei yako ileile ya KSh 200 kwa kilo. Umekipunja kikundi shilingi 2,000 kwa mkono wako mwenyewe! Fedha iandikwe kwa namna moja, nimeona "Ksh.", "Sh" na "KSh" kwenye slaidi moja. Pia safu ya kwanza inasema "omena" na ya tatu "dagaa". Tuko Kisumu, acha "omena" kotekote.

Changamoto: "Magugumaji zinaziba njia ya boti, samaki hizi zinaoza kwa masaa matatu, wavu mbili zimepotea na garama ya mafuta imepanda."
Iwe: "Magugumaji yanaziba njia ya boti, samaki hawa wanaoza kwa saa tatu, nyavu mbili zimepotea na gharama ya mafuta imepanda."
Samaki hata akiwa amekufa na kuanikwa bado ni "huyu" na "hawa". Najua wengi watabisha, usiwasikilize. Hizo saa tatu sina uhakika nazo. Waulize akina mama wanaoanika, au uandike "upesi" tu.

Mwisho: "Asateni" iwe "Asanteni".

Kichwa kikubwa na ile picha ya ufuo ni sawa, usiviguse. Kona ya chini kulia picha yako imekatika, naona neno "Chanzo" na nukta mbili basi. Nitumie mstari huo kabla hujapeleka kuchapa.