Tangazo la kuchangia damu: la kusomwa ibadani na la kubandikwa ubaoni

Mzee wa zamu, shalom. La kwanza ni la kusoma ibada zote mbili kesho, tarehe 8. La pili mhudumu alibandike leo jioni. Tafadhali usisome lile la ubaoni madhabahuni. Habari za uzito na magonjwa zikitajwa mbele ya watu, washarika wataanza kutazamana. Kila mmoja ajisomee mwenyewe pale mlangoni. Ukifika kwenye siku na saa, soma polepole, maana wa viti vya nyuma huwa hawasikii.

LA KUSOMWA IBADANI

Bwana Yesu asifiwe!

Wapendwa, Jumamosi hii inayokuja tutachangia damu hapa hapa usharikani. Wataalamu wa Damu Salama watakuja kwetu, watakaa katika ukumbi wa Shule ya Jumapili.

Tunawajua wanaoihitaji. Ni mama anayetokwa na damu nyingi akijifungua. Ni mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Ni kijana wa bodaboda aliyepata ajali. Damu haitengenezwi kiwandani. Ni lazima itoke kwa mtu mwingine.

Baba zetu, mama zetu, na ninyi vijana wa kwaya, karibuni. Siku hiyo msifunge: kuleni, na mnywe maji ya kutosha. Anayefunga Kwaresima achague siku nyingine ya kufunga.

Narudia: ni Jumamosi, tarehe 14, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, ukumbi wa Shule ya Jumapili. Mengine yako ubaoni. Asanteni.

LA KUBANDIKWA UBAONI

CHANGIA DAMU, OKOA MAISHA

Siku: Jumamosi, 14 Machi 2026
Saa: 3:00 asubuhi – 8:00 mchana
Mahali: Ukumbi wa Shule ya Jumapili

Anayeweza kuchangia: mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50.

Asubiri kwanza: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye homa au anayetumia dawa (aulize wataalamu kabla ya kupanga foleni). Mwanamume aliyechangia asubiri miezi 3, mwanamke miezi 4.

Kabla ya kuja: kula, kunywa maji, lala vya kutosha. Ukiwa na kadi ya mchangiaji, njoo nayo.

Vipimo: damu yote hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Majibu ni siri yako na wataalamu, usharika hauyapati.

Baada ya kuchangia: utapumzika na kupata kinywaji. Usibebe mizigo mizito siku hiyo.

Kuchangia ni bure, na damu haiuzwi. Wasio washarika wanakaribishwa pia.

Maswali: muone parish woka au mzee wa mtaa wako.

Katibu wa Usharika
7 Machi 2026
(Libanduliwe tarehe 15 Machi)