Kuhusu ile kreatini uliyoniuliza

Jambo Baba Amani. Nimeangalia picha uliyonitumia jana ya kopo la kreatini, ule unga wa kujenga misuli unaotaka kutumia kwenye mazoezi. Tafadhali usilinunue kwanza.

Kreatini yenyewe si sumu. Mwenye mafigo mazima anaweza kutumia gramu 3 hadi 5 kwa siku. Lakini wewe unameza dawa za tansiyo, losartani pamoja na hidroklorotiazidi, ile inayokukojoza sana. Ukitoka jasho kwenye mazoezi bila maji ya kutosha, mafigo yanaweza kuumia. Tena tansiyo ya miaka mingi huyachosha kimyakimya. Pita laboratwari wapime kreatinini ya damu, ile inayoonyesha kama mafigo yanafanya kazi vizuri, kabla ya kijiko cha kwanza, maana ukishaanza, unga huo unaweza kupandisha hesabu hiyo, na dokta atashindwa kujua kama ni unga ao ni figo. Majibu umpelekee yeye, aamue.

Kwenye kopo nimesoma pia kafeini miligramu 200 kwa kijiko. Hiyo ndiyo inanitia hofu zaidi: inapandisha tansiyo. Hata dokta akikubali, tafuta kreatini tupu.

Misuli ikiuma, usimeze ibuprofeni. Na dawa zako usiziache hata siku moja. Kesho pita hapa Birere kabla ya saa kumi, nikupime tansiyo.