Sura ya Tatu: Mbinu Zilizotumika katika Utafiti wa Matumizi ya Vyandarua, Wilaya ya Muheza

3.1 Aina ya utafiti na eneo lake

Utafiti huu ulikuwa wa kaya, uliofanywa mara moja kati ya tarehe 8 na 19 Mei 2023, ili kupima matumizi ya vyandarua vyenye dawa miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito katika kata moja ya Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga. Kata hiyo ina vijiji vitatu, ambavyo katika ripoti hii vinatajwa kwa herufi A, B na C, kwa sababu baadhi ya vitongoji vina kaya chache kiasi kwamba msomaji mwenyeji angeweza kukisia majibu yametoka nyumba gani.

Eneo lililochaguliwa ni la tambarare, lenye mashamba ya machungwa na mabonde yanayotuamisha maji baada ya mvua. Sehemu nyingine ya wilaya, yaani tarafa ya Amani iliyo katika milima ya Usambara Mashariki, ina baridi zaidi na mazingira yake ya mbu ni tofauti, kwa hiyo matokeo yanayofuata yasichukuliwe kuwa ni ya wilaya nzima.

3.2 Walengwa na maana ya istilahi

Kaya ilihesabiwa kuwa ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja wa kaya, hata kama wanalala katika nyumba zaidi ya moja za ua uleule. Maana hii ilifaa kuliko kuhesabu nyumba, kwani katika eneo hili ni jambo la kawaida bibi kulala na wajukuu katika kibanda cha pembeni ilhali chakula kinapikwa pamoja. Kaya iliyostahili kuingia katika utafiti ni ile yenye angalau mtoto mmoja wa chini ya miaka mitano au mjamzito mmoja.

Kiashiria kikuu kilikuwa asilimia ya kaya ambamo kila mtoto wa umri huo na kila mjamzito alilala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia siku ya mahojiano. Tulichagua kupima usiku mmoja uliotajwa bayana, badala ya kuuliza iwapo watu “kwa kawaida” hutumia chandarua, kwa sababu swali la kawaida hujibiwa kwa nia njema zaidi kuliko kwa kumbukumbu. Kiashiria cha pili kilikuwa asilimia ya kaya zenye angalau chandarua kimoja kwa kila watu wawili, kipimo kinachotambuliwa na Shirika la Afya Duniani.

3.3 Ukubwa wa sampuli na uteuzi wa kaya

Orodha ya kaya ilitokana na madaftari ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambayo yalihakikiwa upya na wenyeviti wa vitongoji katika wiki ya mwisho ya Aprili. Baada ya kuondoa kaya zilizohama na kuongeza zilizohamia, zilibaki kaya 612 zenye sifa. Kwa kuwa hapakuwa na makadirio ya awali ya kata hii, kiwango cha matumizi kilidhaniwa kuwa asilimia 50, ambacho ndicho kinachodai sampuli kubwa kuliko vyote, na ukingo wa makosa ukawekwa kuwa asilimia 7 kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95:

```
n = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.07² = 196
n' = 196 / (1 + 195/612) ≈ 149
149 / 0.90 ≈ 166
```

Mstari wa pili unapunguza idadi kwa kuwa kaya zote zenye sifa ni chache, na wa tatu unaongeza akiba kwa ajili ya kaya ambazo zisingepatikana au zingekataa.

Kaya 166 ziliteuliwa moja kwa moja kutoka katika orodha, bila kuchagua kwanza vitongoji vichache. Orodha ilipangwa kwa kufuata vijiji, kisha vitongoji, na uteuzi ukafanywa kwa pengo la 3.68 kuanzia namba ya nasibu 2.15, kila jumla ikipandishwa hadi namba kamili inayofuata, hivyo kaya za 3, 6 na 10 zikawa za kwanza. Kwa njia hiyo kila kitongoji kilipata uwakilishi unaokaribiana na ukubwa wake. Kaya iliyokosekana haikubadilishwa kwa jirani, kwa kuwa wanaoshinda nyumbani mchana hawafanani na wanaoshinda shambani.

3.4 Dodoso na ukusanyaji wa taarifa

Dodoso lilikuwa na maswali 34 kwa Kiswahili na lilijazwa kwa simu kupitia KoboCollect. Lilijaribiwa kwanza katika kaya 15 za kata jirani, na jaribio hilo lilibadilisha mambo mawili. Wahojiwa walikuwa wakijibu kwa jumla kwamba “watoto wamelala kwenye neti”, ilhali walipoulizwa mtoto mmoja mmoja, baadhi walikuwa wamelala mkekani chumba kingine. Kwa hiyo dodoso la mwisho liliorodhesha kila mwanakaya kwa umri na jinsi, likauliza alilala wapi na chini ya chandarua kipi. Aidha, wadodosaji waliomba kuona vyandarua vyenyewe na kurekodi kama vimetundikwa, vina matundu, na kama lebo inaonyesha vina dawa. Chandarua ambacho mwenye nyumba hakuridhia kionekane kilirekodiwa kuwa “hakikuonwa”.

Wadodosaji wanne walipata mafunzo ya siku mbili. Wote walikuwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini hakuna aliyehoji katika kitongoji anachohudumia, kwani si rahisi mama kumwambia aliyemgawia chandarua kwamba kimefunikia mbegu. Kwa wazee walioona wepesi zaidi katika Kibondei au Kisambaa, alipelekwa mdodosaji anayeijua lugha hiyo. Ziara zilifanywa kuanzia saa tisa alasiri, watu wanaporudi kutoka shambani, na kaya iliyofungwa ilirudiwa hadi mara tatu. Msimamizi alirudia maswali matano katika kaya 16 ili kuhakiki kazi.

Kaya 157 zilihojiwa, sawa na asilimia 94.6 ya zilizoteuliwa. Tano hazikupatikana, mbili zilikuwa zimehama na mbili zilikataa.

3.5 Ridhaa na usiri

Utafiti ulikuwa sehemu ya ufuatiliaji wa mradi na ulifanyika kwa barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya, iliyowasilishwa kwa watendaji wa vijiji kabla ya kazi kuanza. Hakuna damu wala sampuli ya mwili iliyochukuliwa. Kila mhojiwa alisomewa maelezo, akaelezwa kwamba kukataa hakutamnyima chandarua wala huduma yoyote, kisha akatia saini au dole gumba. Majina hayakuingizwa kwenye simu. Kila kaya ilipewa namba, na karatasi inayounganisha namba na majina iliteketezwa baada ya uhakiki.

3.6 Uchambuzi na mipaka ya matokeo

Taarifa zilichambuliwa kwa Epi Info. Asilimia zinatolewa pamoja na ukingo wake wa makosa kwa kata nzima. Kwa kila kijiji zinatolewa idadi tu, kwani kaya za kijiji kimoja ni chache mno kwa ulinganisho wa vijiji.

Mei ni mwezi wa masika, wakati mbu ni wengi na watu hukumbuka chandarua zaidi, hivyo viwango vya kiangazi huenda vikawa vya chini na tathmini ijayo inapaswa kufanywa Mei ili ilinganishwe kwa haki. Usiku wa jana ulielezwa na wahojiwa wenyewe, na kuona chandarua kilichotundikwa kunathibitisha kuwepo kwake tu. Vibarua wanaoishi kambini katika mashamba ya machungwa hawamo katika madaftari ya vitongoji, nao hawakufikiwa na utafiti huu.