Hotuba ya mwalimu mkuu kufungua klabu yetu ya muziki

Hamjambo wanangu! Wale wa nyuma sogeeni huku kwenye mwembe, jua la Arua leo halina huruma. Walimu wenzangu shikamooni, patroni wa klabu asante kwa kazi ya likizo nzima.

Nimeona majina, mko 43, na kuna watoto wa Senia Wani ambao hata wiki mbili hawajamaliza hapa shuleni. Karibuni sana, karibuni mno, tena kwa mikono miwili.

Niwaambie klabu hii imetoka wapi. Muhula uliopita nilipita nyuma ya jiko nikamkuta kijana wa Senia Tu ametoboa jerikeni la mafuta, amefunga nyuzi za kuvulia samaki, anazikaza kwa vijiti na anapiga, macho kafumba, hata hakusikia viatu vyangu. Aliponiona akaficha jerikeni nyuma ya mgongo kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi, na hapo ndo roho iliniuma jamani, mtoto anaficha muziki!

Nikamkumbuka babu yangu kule Nebbi. Alikuwa na adungu yake, akiitundika jikoni juu ya moshi ili mchwa wasiile, akishakula jioni anaishusha, anakaza uzi mmoja anasikiliza, anakaza mwingine anasikiliza, sisi watoto tunangoja tu. Mimi nilipofika sekondari nikaomba kuingia kwaya, nikajibiwa muziki ni wa wasioweza hesabu, basi nikaacha. Babu akafariki. Leo ukoo mzima tunakumbuka kwamba alipiga, lakini hakuna hata mmoja anayejua alipiga nini.

Kwa hiyo lengo la kwanza ni hilo, na kwangu ndo kubwa kuliko yote: kila mmoja wenu kabla muhula haujaisha alete wimbo mmoja kutoka nyumbani. Kaa na bibi, shangazi, jirani, yeyote, mwombe kwa adabu, rekodi kwenye simu ya mzazi, andika maneno kwa lugha yenyewe, Kialur, Kilugbara, Kinubi, Kikakwa, yoyote, na uandike nani kakuimbia na unaimbwa wakati gani. Msidhani nazidisha. Bigwala, zile tarumbeta za vibuyu za Wasoga, UNESCO iliziweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na mwaka 2016 ikaingia o'di, kinubi cha majirani zetu Wamadi. Wamadi hawa hawa, ambao watoto wao wamekaa hapa mbele yangu!

La pili ni kusikilizana. Tumepata amadinda, ile marimba ya Waganda yenye vipande 12 vya mbao vinavyolazwa juu ya vigogo vya migomba. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, omunazi anaanza na omwawuzi anaingiza noti zake katikati ya zile za mwenzake, halafu wa tatu, omukoonezi, anachukua vile vipande viwili vya mwisho vyenye sauti ya juu. Sasa ule wimbo unaousikia hakuna anayeupiga peke yake, unatokea hapo katikati yao, na mmoja akikimbia au akitaka kuonekana yeye tu basi umeharibika wote. Nataka mprifekti akae na mtoto wa Senia Wani kwenye mbao hizo wasikilizane.

Mtajifunza pia kusoma noti, kuanzia do re mi, na kutengeneza na kurekebisha vyombo wenyewe, maana ngozi ya ngoma ikipasuka hatutaki kungoja fundi miezi mitatu. Yule kijana wa jerikeni ndo atakuwa kiongozi wa kundi la vyombo, nimeshaongea naye. Mashindano yapo, tutaenda tukiwa tayari, ila hatuchagui wenye sauti nzuri tu na kuwarudisha wengine, hapana, hiyo kwenye shule yangu haitakuwepo.

Tunakutana Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili kasorobo, hakuna malipo yoyote, fizi ya klabu haipo. Prepu mnahudhuria kama kawaida, na mtu akianguka masomo nitamwita tuongee tujue tatizo liko wapi, sitamfukuza klabu. Wazazi wenye wasiwasi waje ofisini, nitawaeleza mwenyewe, na wale wenye babu au bibi anayejua kupiga chombo mwambieni namkaribisha aje kukaa nasi, nauli ya boda tutamlipia na chai ataikuta.

Haya, patroni ana daftari pale mezani, wa adungu upande wa kulia, ngoma kushoto, waimbaji mbaki hapa kwenye mwembe. Na wewe mwanangu wa Senia Tu, lete lile jerikeni, upige kila mtu akusikie.